Ubani wa Nikotini: Utafune Kidogo, Kisha Uuegeshe Shavuni

Mvutaji wa sigara anayetaka kuacha tabia hiyo aweza kupewa dawa iliyotengenezwa kwa umbo la ubani wa kutafuna, ule ambao vijana wetu huuita bigijii, jojo au chingamu. Umbo hilo humrahisishia kazi, lakini pia humtega. Mkono wake umezoea kuufungua ubani, na meno yake yamezoea kuutafuna mfululizo, kwa nguvu, huku mate yakimezwa bila kufikiriwa. Basi hufanya vivyo hivyo kwa dawa hii. Dakika 10 hazijapita koo lamwasha, kwikwi imemshika, tumbo linamchafuka, na hamu ya sigara ingali pale pale. Hukata shauri kwamba dawa yenyewe haifai, na jioni hiyo hiyo huirudia sigara.

Makala haya yanaeleza kwa nini mambo huwa hivyo. Msomaji ataona kwamba maelezo yote yanatokana na kemia na baiolojia zinazofundishwa katika shule za sekondari: asidi na besi, mabadilishano ya ioni, na njia ipitwayo na damu kutoka utumbo hadi ini.

Dawa iliyotokana na wanamaji

Chanzo cha ubani huu ni nchi ya Sweden. Mwaka 1967 Claes Lundgren, mtaalamu wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Lund, alimwandikia barua Ove Fernö, mtafiti wa kampuni ya madawa ya Leo katika mji wa Helsingborg. Lundgren alikuwa ameona kwamba wanamaji wa nyambizi, ambao hawakuruhusiwa kuvuta sigara chini ya bahari, waliituliza hamu yao kwa kutumia tumbaku ya kuweka mdomoni. Ikiwa nikotini iliyopita mdomoni iliweza kumtuliza mvutaji, je, haikuwezekana kumpa nikotini hiyo bila moshi na bila tumbaku?

Swali hilo lilikuwa na maana kubwa. Nikotini ndiyo inayomfunga mvutaji asiweze kuacha. Lakini saratani ya mapafu na sehemu kubwa ya maradhi mengine ya wavutaji huletwa na lami, kabonimonoksaidi na sumu nyingine zilizomo katika moshi. Ikiwa mwili utapewa nikotini kidogo kwa muda, mvutaji ataweza kwanza kuivunja tabia ya kuwasha sigara, kisha kuipunguza nikotini yenyewe hatua kwa hatua. Ubani huo uliidhinishwa kwanza nchini Uswisi mwaka 1978, na Marekani mwaka 1984. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya nikotini ya namna hii katika orodha yake ya dawa muhimu.

Nikotini imefungwaje ndani ya ubani?

Kama nikotini ingechanganywa tu na ubani, ingetoka yote kwa ghafula katika dakika za mwanzo. Kwa hiyo watengenezaji waliifunga katika rezini inayobadilishana ioni. Rezini hiyo ina sehemu nyingi zenye chaji hasi. Nikotini iliyopokea protoni huwa na chaji chanya, hivyo hushikwa na sehemu hizo kama vile chuma kishikwavyo na sumaku.

Ubani unapotafunwa, mate huingia ndani yake. Mate yana ioni za sodiamu na potasiamu, nazo pia zina chaji chanya. Ioni hizo huchukua nafasi ya nikotini katika rezini, na nikotini huachiliwa. Kila meno yanapoubonyeza ubani, sehemu mpya ya rezini hukutana na mate mapya, na nikotini nyingine hutoka. Meno yakisimama, mabadilishano hayo hupungua mno. Ndiyo kusema kwamba mtumiaji anao mfereji mdomoni mwake, na meno ndiyo koki yake. Atafunaye polepole huifungua koki kidogo; atafunaye kwa nguvu na mfululizo huifungua yote.

Hapo ndipo tofauti ya kwanza kati ya ubani huu na ubani wa kawaida inapoonekana. Ubani wa kawaida una sukari na manukato. Vitu hivyo vikitoka upesi na kumezwa, hapana kilichopotea, maana utamu umekwisha kuonjwa na ulimi. Lakini nikotini haikukusudiwa kuonjwa wala kumezwa. Imekusudiwa kupenya ngozi laini ya ndani ya shavu na kuingia katika damu, na kazi hiyo huhitaji muda.

Mlango wa shavu na kipimo cha pH

Nikotini, ambayo fomula yake ni C10H14N2, ni besi dhaifu. Katika maji huwa na hali mbili. Ikipokea protoni huwa ioni yenye chaji, na ioni hazipenyi kwa urahisi katika utando wa seli, kwa kuwa utando huo umejengwa kwa mafuta. Isipokuwa na protoni hiyo huwa molekuli huru isiyo na chaji, nayo hupenya vizuri.

Ni sehemu gani ya nikotini iliyo huru? Jibu linategemea pH ya mate. Penye pH 8 hivi, nusu ya nikotini huwa huru na nusu huwa ioni. Kila pH inaposhuka kwa hatua moja, uwiano wa nikotini huru kwa ile yenye chaji hupungua mara 10. Kwa hiyo penye pH 7, ambayo ni karibu na hali ya kawaida ya mate, sehemu iliyo huru ni kama moja katika 11. Penye pH 6 ni moja katika 101, na penye pH 5 ni kama moja katika 1,000.

Mtu aweza kuuliza: mate yetu yakiwa na pH ya karibu 7, dawa itapenyaje? Watengenezaji walilijibu swali hilo kwa kutia katika ubani chumvi za kabonati na bikabonati ya sodiamu. Chumvi hizo hupandisha pH ya mate yaliyouzunguka ubani hadi kufikia kama 8.5, na penye kiwango hicho robo tatu ya nikotini huwa huru kupenya.

Jambo hili si geni kwa watu wa Afrika ya Mashariki, ingawa hawakulieleza kwa lugha ya kemia. Watumiaji wa ugoro tangu zamani huchanganya tumbaku iliyosagwa na magadi, na watafunaji wa tambuu huipaka chokaa. Magadi na chokaa vyote ni vitu vyenye asili ya besi, navyo huifanya nikotini ya tumbaku iwe huru. Zaidi ya hayo, mtumiaji wa ugoro wa mdomoni hautafuni. Huuweka kati ya mdomo na ufizi na kuuacha hapo. Hatutaji mfano huu ili kuusifu ugoro, kwa maana tumbaku ya mdomoni ina kemikali zinazosababisha saratani ya kinywa. Twautaja kwa sababu unaonyesha waziwazi mambo mawili yanayotakiwa: hali ya besi, na utulivu mahali pamoja.

Mtu anapotafuna mfululizo, mambo yote mawili huharibika. Kinywa kilichotulia hutoa mate kidogo sana, chini ya nusu mililita kwa dakika. Kinywa kinachotafuna hutoa mililita moja, mbili, na hata zaidi. Katika dakika 5 mtafunaji wa nguvu aweza kupata mililita 10 za mate, yaani vijiko viwili vya chai. Mate hayo hayawezi kukaa kinywani. Humezwa, nayo huondoka na nikotini pamoja na zile chumvi za kabonati. Chumvi ikishapungua na kuchujuka, hali ya besi iliyohitajiwa shavuni hudhoofika kabla kazi haijakwisha.

Nikotini iliyomezwa huenda wapi?

Wengine hudhani kwamba kumeza si neno, maadamu nikotini imeingia mwilini. Tuifuate basi safari yake.

Nikotini inayopenya shavuni huingia katika mishipa midogo ya damu ya kinywa, ambayo hupeleka damu yake kwenye mishipa mikubwa ya shingo, kisha moyoni, na kutoka hapo ubongoni. Njia hii haipiti kwanza katika ini. Nikotini iliyomezwa hufika tumboni, ambamo asidi ni kali sana. Humo karibu yote huwa ioni, hivyo hupenya kwa shida. Inabidi ingoje mpaka ifike katika utumbo mwembamba. Damu ya utumbo, kabla ya kurudi moyoni, hupelekwa kwanza katika ini. Ini lina kimeng'enya kinachoigeuza nikotini kuwa kotinini, ambayo haimtulizi mvutaji. Kwa hiyo katika nikotini yote iliyomezwa, kiasi cha asilimia 20 hadi 45 tu ndicho kinachofika katika damu ya mwili mzima.

Tufanye hesabu ya mfano. Kuna dereva wa lori avutaye sigara 20 kwa siku, ambaye huwasha ya kwanza mara tu aamkapo. Amepewa ubani wenye miligramu 4 za nikotini. Tuchukulie kwamba ubani mmoja umeachia miligramu 3, na kwamba ini hupitisha asilimia 30 ya kinachomezwa. Mgawanyo ufuatao tumeuchagua ili hesabu iwe rahisi. Haukupimwa kwa mtu fulani.

Siku ya kwanza dereva huyo anatafuna polepole na kuegesha. Miligramu 2 zinapita shavuni, na 1 inamezwa. Katika ile iliyomezwa, miligramu 0.3 inaokoka katika ini. Jumla aliyoipata ni miligramu 2.3.

Siku ya pili anatafuna kama bigijii. Nusu miligramu tu inapita shavuni, na miligramu 2.5 zinamezwa. Katika hizo, miligramu 0.75 inaokoka. Jumla ni miligramu 1.25, yaani kama nusu ya kile alichokipata jana kwa ubani ule ule. Tena, sehemu kubwa ya hiyo 1.25 imechelewa kufika, kwa kuwa ilibidi ingoje tumboni. Na zile miligramu 2.5 zilizopita kooni na tumboni ndizo zilizomletea kwikwi, kiungulia na kichefuchefu. Amepata taabu nyingi na nafuu kidogo. Hapo ndipo mtu hudanganyika akafikiri kwamba dawa imemzidi nguvu, kumbe imemfikia pungufu.

Namna ya kutafuna na kuegesha

Njia iliyo sahihi huendelea hivi. Mtumiaji huweka ubani mmoja kinywani na kuutafuna polepole sana, akitua kati ya tafuno na tafuno. Baada ya kutafuna mara 15 hivi, huanza kuhisi ladha kali kama ya pilipili, au mwasho mdogo katika ulimi na ufizi. Dalili hiyo ni ishara kwamba nikotini imeanza kutoka, naye huacha kutafuna papo hapo.

Sasa huusukuma ubani kwa ulimi mpaka ukae kati ya shavu na ufizi, na kuuacha hapo. Huko ndiko kuegesha. Ngozi ya ndani ya shavu ni laini na ina mishipa mingi ya damu. Mate machache yaliyonaswa kati yake na ubani yana nikotini nyingi na yana hali ya besi. Baada ya kama dakika moja mwasho hufifia, maana nikotini iliyokuwa imeachiliwa imepungua. Hapo huurudisha ubani katikati, huutafuna tena polepole hadi mwasho urudi, kisha huuegesha upande wa pili. Kubadili pande huzuia mahali pamoja pasichubuke.

Huendelea hivyo kwa muda wa nusu saa. Mwishowe, hata akitafuna, mwasho hauji tena. Ubani umekwisha kazi, naye huufunga katika karatasi na kuutupa mahali ambapo watoto hawataufikia, kwa sababu nikotini iliyobaki ndani yake yaweza kumdhuru mtoto.

Kosa la upande wa pili lipo pia, ingawa ni la wachache. Mtu aliyeonywa sana asitafune huuegesha ubani tangu mwanzo na kuuacha. Rezini haikukutana na mate ya kutosha, kwa hiyo nikotini haikutoka. Dalili yake ni kwamba hahisi mwasho wowote tangu mwanzo hadi mwisho.

Chai, kahawa na soda

Hata anayetafuna kwa ustadi aweza kuiharibu dawa kwa kinywaji. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba kahawa na soda ya kola, zikitangulia kupita kinywani, zilishusha pH ya mate na kuzuia nikotini ya ubani isipenye. Msomaji aliyeifuata ile hesabu ya pH hatashangaa: pH ikishuka kutoka 8 hadi 6, sehemu ya nikotini iliyo huru hushuka kutoka nusu hadi moja katika mia.

Kwa sababu hiyo mtumiaji huagizwa asile wala asinywe chochote, isipokuwa maji matupu, kwa muda wa dakika 15 kabla ya kutumia ubani na wakati wote uwapo kinywani. Yule dereva wetu, ambaye kila kituo hununua soda ya kusindikizia safari, angepaswa kuinywa kwanza, kungoja robo saa, kisha kuufungua ubani.

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili darasani bila kugusa nikotini hata kidogo. Roweka maua makavu ya rosela, ambayo wengine huyaita choya, katika maji ya moto, na uyachuje yapoe. Maji hayo mekundu hubadilika rangi kufuata pH. Mimina kidogo katika bilauri yenye bikabonati ya sodiamu ya jikoni iliyoyeyushwa katika maji. Wekundu utatoweka na rangi itaelekea kijani au buluu. Hiyo ndiyo hali ya shavu lenye ubani. Sasa dondoshea maji ya ndimu, tone baada ya tone. Mapovu ya kabonidayoksaidi yatatokea, na kwa kitambo rangi haitabadilika sana, kwa kuwa bikabonati inapambana na asidi. Ukiendelea, bikabonati itakwisha na wekundu utarudi. Wanafunzi waulizwe: chumvi iliyomo katika kipande kimoja cha ubani ni ndogo, itastahimili mafunda mangapi ya soda?

Mipaka ya dawa hii

Ubani, hata ukitumiwa vizuri, haufanani na sigara. Nikotini ya moshi hufika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20 tu. Ile ya ubani hupanda polepole na kufikia kilele chake baada ya kama nusu saa, tena kwa kiwango kilicho chini ya kile cha sigara. Anayengoja mpaka hamu imemkaba ndipo autafute ubani, amechelewa. Naye, kwa kutaka kufidia, hutafuna kwa nguvu na kuingia katika kosa lile tulilolieleza. Ndiyo maana maelekezo ya kawaida husema atumie ubani mmoja kila baada ya saa 1 au 2 katika wiki 6 za mwanzo, kisha kila baada ya saa 2 hadi 4 kwa wiki 3, na kila baada ya saa 4 hadi 8 kwa wiki 3 za mwisho. Asizidishe vipande 24 kwa siku. Ubani wa miligramu 4 hupewa yule avutaye sigara ya kwanza katika nusu saa baada ya kuamka. Wengine hupewa wa miligramu 2.

Mwenye meno ya bandia aweza kuona ubani unanata, na mwenye maumivu ya taya hatauweza. Hao huhitaji dawa ya namna nyingine, kama vile kiraka cha nikotini kinachobandikwa juu ya ngozi. Mama mjamzito, mgonjwa wa moyo na kijana aliye chini ya miaka 18 hawana budi kumwona daktari kwanza. Mtu asiyevuta sigara hana haja nao kabisa, wala haifai mwanafunzi aujaribu kwa udadisi.

Mtumiaji anayetaka kujua kama anakwenda sawa aziangalie dalili zake. Mwasho mdogo shavuni, unaokuja na kuondoka kwa zamu katika nusu saa nzima, huonyesha kwamba dawa inapita mlango wake. Mwasho mkali wa koo katika dakika za mwanzo, ukifuatwa na kwikwi na kiungulia, huonyesha kwamba inamezwa. Aliyeipata dalili hii ya pili asiitupe dawa siku ya kwanza. Apunguze mwendo wa meno, auegeshe ubani mapema zaidi, na ahesabu dakika moja kabla ya kuutafuna tena.